Nguo za Kompyuta za Ukutani

Sijawahi kuwa mtu wa subira. Mama yangu alimwambia mchumba wangu, mimi nikiwa nimekaa palepale, kwamba akitaka amani nyumbani asinisubirishe chakula, foleni wala jibu. Kwa hiyo huwa najicheka nikikumbuka kwamba kazi iliyonituliza kidogo ilikuwa ya kukaa mbele ya kompyuta chakavu, nikiitazama ikifikiri.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, ile ya mwishomwisho, malori yalipokuwa yameanza kuwarudisha Warundi kwao na mashirika yakaanza kufunga virago. Baba Paroko alinipa kazi ya kuangalia chumba cha kompyuta kwenye ukumbi wa parokia, kando ya barabara iendayo Kasulo, si mbali kwa miguu kutoka kambini. Asubuhi nilifundisha kuchapa. Nilikuwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Mwanza, na nilikuwa mkali. Wanafunzi waliogopa ukali kuliko cheti.

Kompyuta zilikuwa kumi. Tano za upande wa madirisha zilitoka ofisi za jimbo, na kila moja ilikuwa na kadi yake ya picha. Tano za ukutani tulirithi kwa shirika lililofunga ofisi kambini. Hizo hazikuwa na kadi. Picha ilichorwa na chipu iliyobandikwa kwenye ubao mkuu, na chipu hiyo haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Ilimega ya kompyuta, kama mgeni aliyekuja bila sahani akala kwenye sahani ya mwenyeji. Kwa kuchapa barua hakuna aliyeona tofauti.

Tofauti ilionekana Jumamosi mchana, vijana walipokuja kwenye mchezo. Ni ule uliokuwa umetapakaa kote wakati huo: timu mbili za watu watano watano, upande mmoja una bomu la kutega, upande mwingine unalinda, na raundi moja ikiisha inaanza nyingine. Mtu alikuja nao kutoka Mwanza kwenye sidii. Baba Paroko aliutazama mara moja, akauliza kama kuna mchezo wa kompyuta usio na bunduki, nikamwambia upo wa karata. Akacheka, akaruhusu, kwa sharti la kutopiga kelele wakati wa kitubio.

Timu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vijana wa Ngara mjini, waliokuja na pikapu ya mjomba wa kapteni wao. Ya pili ya vijana wa kambini, Warundi, ambao walilazimika kwanza kusimama getini kuomba ruhusa ya kutoka. Foleni ya getini haimjali mtu mwenye mechi. Wa mjini walifika mapema siku zote wakakaa dirishani, na wa kambini wakakuta ukuta.

Na ukutani hapakuwa na mchezo, palikuwa na adhabu. Kijana wa ukutani akigeuka kutazama nyuma, picha inakuja vipandevipande. Akifyatua risasi, mwenzake wa dirishani ameshamuua na ameondoka. Tulijaribu kubadilishana viti katikati ya mechi, kama timu zinavyobadilishana goli. Haikusaidia. Aliyekaa ukutani alishindwa, awe nani. Mwisho wa mechi kila upande ulisema umeonewa, na ubishi uliendelea hadi kwenye pikapu.

Kapteni wa mjini alikuwa kijana mchangamfu, mzuri wa sura na anayelijua hilo. Jumamosi moja, baada ya wa kambini kulalamika tena, aliwaambia, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Wenzake wakacheka. Kapteni wa kambini akaendelea kuzima mashine yake. Alikuwa mrefu, mpole, wa miaka kama ishirini, na alikuwa na tabia ya kutazama chini mtu akimtania. Nilichukia kwa niaba yake, nikamfukuza kila mtu ukumbini kabla ya muda.

Jumatatu yake asubuhi huyo kapteni wa kambini alikuja peke yake. Nilikuwa nikifagia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

"Najua. Jina letu limetoka. Tunapanda lori Jumatatu ijayo."

Nikaacha ufagio. Mama yake alikuwa ameamua kurudi, na alichoamua yule mama hakikuwa na rufaa. Nilimjua vizuri. Ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama washonaji kambini, nitamfikia.

"Kwa hiyo Jumamosi hii ndiyo ya mwisho," nikasema.

"Ndiyo. Nina ombi. Zirekebishe za ukutani." Alisema akitazama sakafu, halafu akainua macho. "Sisemi tushinde. Nataka nijue. Tumecheza na wale mwaka mzima na sijui kama sisi ni wazuri au ni wabovu. Kila tukishindwa tunasema mashine. Na wao wakishindwa wanasema mashine. Mimi nikifika kule nitajiuliza mpaka nizeeke. Bora nishindwe mimi, isiwe mashine."

Niliguswa, na mimi nikiguswa huwa nakuwa mkali. Nikamwambia achukue ufagio amalizie, mimi nikaketi ukutani.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana watu hudhani kompyuta kuukuu ni kama ng'ombe mzee, huna la kufanya ila kuivumilia. Si kweli. Kwanza niliweka namba ya kasi ionekane pembeni mwa skrini, ile inayosema picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Ilionyesha kumi, wakati mwingine nane. Ukifika thelathini unaweza kucheza kwa shida, ukifika hamsini unacheza kama mtu. Wa dirishani walikuwa na zaidi ya tisini.

Kisha nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta alama ya njano kwenye kifaa cha picha. Ile chipu haikuwahi kuwekewa programu yake ya kuiendesha. Shirika lilikuwa limeweka upya mfumo mzima, likaishia hapo, na kwa barua na majedwali ya ofisini nani angejua? Picha zote za mchezo zilikuwa zinachorwa na prosesa peke yake, chipu imekaa mikono mfukoni. Nilijua sidii ya programu ile lazima ilikuja na kompyuta zenyewe. Ilikuwa kwenye katoni stoo, chini ya meza za zamani za katekesi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi nikatoka na utando wa buibui kichwani. Yule kijana aliona, akajikaza asicheke.

Tukaiweka kwenye zote tano. Nikauambia mchezo utumie chipu badala ya prosesa kuchora. Namba ikapanda hadi ishirini na tano. Kijana akapiga makofi mara moja, kisha akaona aibu.

"Subiri," nikamwambia, mimi, mtu wa kumwambia mwingine asubiri.

Hapo tamaa ikaniponza. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa, panapoandikwa chipu imegewe kumbukumbu kiasi gani. Nikaona inaruhusu hadi megabaiti sitini na nne. Nikaipa zote. Namba ikashuka, na diski ikaanza kukwaruza ndani kama kuku anayechakura. Mashine nzima ilikuwa na mia na ishirini na nane tu. Nilikuwa nimempa mgeni nusu ya chungu, mwenyeji akabaki anakopa kwa diski, na diski ni jirani wa mbali. Nikairudisha hadi thelathini na mbili. Kukwaruza kukakoma, namba ikapanda.

Siku iliyofuata tulipunguza. Skrini nikaishusha hadi nukta mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini, rangi kutoka biti thelathini na mbili hadi kumi na sita. Vitu vikawa na kingo za menomeno, lakini adui anaonekana, na hicho ndicho kinachotakiwa. Nikaizima kingavirusi iliyokuwa ikipekua mafaili chinichini wakati watu wanacheza. Halafu nikafungua lile dirisha la kuandikia amri ndani ya mchezo. Nikaondoa maganda ya risasi yanayoruka. Nikaondoa matundu ya risasi ukutani na damu inayobaki. Nikaweka kwamba wachezaji wote wa upande mmoja wavae sura moja, ili mashine isihangaike kubeba sura nyingi. Moshi wa bomu la moshi, ambao ndio uliokuwa ukiua kabisa kompyuta za ukutani, nikauweka katika namna nyepesi kuliko zote. Kisha nikaenda dirishani nikaweka mipangilio ileile ya mchezo kwenye zile tano, ili asiwepo wa kusema ukuta umependelewa.

Jumatano tukajaribu. Namba ilisimama hamsini na tano. Kijana alikimbia ndani ya mchezo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akizunguka, akiruka, akirusha moshi na kupita katikati yake, bila kufyatua risasi hata moja. Alikuwa anatembea tu.

Halafu, baada ya raundi kadhaa, namba ikaanza kushuka. Arobaini. Thelathini. Ikatua kumi na nane, ikakaa hapo. Tukazima, tukapumzika, tukawasha. Ikaanza vizuri, ikashuka tena. Zote tano zilifanya hivyo. Nilijaribu kila nilichokijua Jumatano nzima na Alhamisi nzima. Nilijikuta nimeipiga moja kibao, na haikuonyesha kuumia.

"Ni uzee," nikamwambia hatimaye. "Zimechoka. Pole."

"Asante dada, umejitahidi," akasema, na sauti yake ilikuwa na ule upole wa mtu aliyekwisha kubali. Afadhali angenitukana.

Sasa nimfikie mama yake. Zile kompyuta tano zilipotoka kambini kuja kwetu, kikundi chake kilizishonea nguo. Nani asiyejua sebule za kwetu? Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata thermosi ya chai ina gauni lake. Kitu cha thamani hakikai uchi. Akina mama wale walisema kompyuta zilitumikia watoto wao, haziwezi kwenda ugenini bila nguo. Wakashona kwa kitambaa kizito cha bluu, wakatarizi maua meupe pembeni, na mbele wakaacha nafasi ya kitufe na ya kuingizia sidii. Nyuma wakaacha penye waya. Pengine pote pamefungwa vizuri. Zilikaa zimevaa siku zote, zikiwaka na zikizimwa, kwa sababu vumbi jekundu la barabara ile halina adabu. Wageni wa parokia walizisifia, na mimi mwenyewe nilizionea fahari. Za dirishani hazikuwa na nguo, zilikuja kutoka jimboni na hakuna aliyezishonea.

Alhamisi jioni yule mama alipita kumchukua mwanawe. Akaziangalia nguo, akashika pindo la mojawapo.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu na tulichanganya bila kufikiri, "hizi nimezichukua. Siwezi kwenda nikawaachia nguo chafu. Watasema Warundi waliondoka na uchafu wakauacha."

Akazivua zote, akazikunja, akaenda nazo.

Ijumaa asubuhi kijana alikuja, nadhani kwa kuniaga tu kwa heshima. Nikamwambia maadamu zimevuliwa, tuzisafishe. Tukafungua makasha, tukapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli ya katekista, vumbi likatoka jekundu likatupaka nyusi. Kisha akaketi kujaribu, kwa mazoea. Tukacheza, yeye na mimi. Nilikuwa mbovu, akawa ananiua kwa adabu, akisema "samahani dada" kila mara. Saa ya chai ikapita. Tukaita na wenzake wawili waliokuwa wamepata ruhusa. Mchana ukafika, na namba ilikuwa palepale, hamsini na tano, hamsini na tatu.

"Ilikuwa vumbi," nikasema.

"Ilikuwa vumbi," akasema. Tulifurahi kama watoto.

Mchana ule mama yake akarudi na nguo. Alikuwa amezipiga pasi, zina mistari. Akaivisha kila kompyuta, akinyoosha kila kona, huku sisi tunaendelea kucheza. Akavuta kiti akaketi nyuma ya mwanawe kutazama. Alikuwa hajawahi kutazama. Nilijua kwa nini, na nilikuwa na wasiwasi, kwa maana mtu aliyeona alichokiona yule mama kwao huwezi kumkalisha mbele ya bunduki, hata ya katuni, bila kufikiri.

Alitazama muda mrefu. Mwishowe akasema, "Ukuta wao ni safi."

"Nini, mama?" nikauliza.

"Wanapigana na ukuta unabaki safi."

Nilikuwa nimeondoa matundu na damu kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yake. Sikumwambia. Nilisema tu ndiyo.

Na ndipo namba ikaanza kushuka. Arobaini na tano. Thelathini na nane. Kijana akaacha kucheza, akageuka kunitazama. Nikaitazama namba, nikaitazama bluu ile iliyopigwa pasi. Nikapeleka mkono chini ya pindo la nguo. Kasha lilikuwa moto kama sufuria. Prosesa za aina ile zikizidiwa na joto hujipunguza mwendo zenyewe zisije zikaungua, hilo nilifundishwa Mwanza, na nilikuwa nimekaa mwaka mzima karibu nazo bila kulifikiria, kwa sababu ya maua meupe.

Mimi wa siku nyingine ningelivuta gauni lile nikalitupa. Niliinua mkono kabisa. Lakini yule mama alikuwa ameketi pale, ameacha kufunga mizigo yake ili apige pasi nguo za kompyuta za watu wengine. Kumvulia zawadi mtu mbele ya macho yake, siku tatu kabla hajaondoka, ni kumwambia bora uende. Mwanawe alikuwa ameelewa kila kitu, nilimwona. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kuniomba nisiseme. Alikuwa tayari kupoteza mechi yake.

Nikavuta pumzi. Huenda ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Mama, naomba mkono wako," nikasema. Nikauchukua, nikaupeleka ubavuni mwa kasha, chini ya kitambaa.

Akaurudisha kwa kushtuka. "Inaumwa?"

"Haiumwi. Inapumulia hapa na hapa nyuma. Ikikosa hewa inapata joto, na ikipata joto inapunguza mwendo isiungue. Wakati nguo ziko kwako ilikwenda vizuri toka asubuhi."

Mwanawe akaanza kusema kitu kwa Kirundi, haraka, cha kumpoza, naye akamnyamazisha kwa kidole. Alimtazama mwanawe, si mimi. "Wewe ulijua?"

"Sasa hivi tu, mama."

"Na ulitaka unyamaze."

Kijana akatazama chini, kama kawaida yake.

"Kama baba yako," akasema mama, na sikujua kama ni sifa au lawama. Kisha akanigeukia. "Hata jiko la mkaa lina mdomo. Mbona hamkuniambia hii nayo ina mdomo? Nilete mkasi."

Akakata madirisha. Alitia mkono kila upande kutafuta panapotoka joto, akaweka alama kwa kipande cha chaki ya ubaoni, akakata pembe nne sawasawa, kisha akaketi akapindia kingo kwa sindano ili zisichanike, moja baada ya nyingine. Nilimwambia kingo zinaweza kubaki hivyo hivyo, mechi ni kesho tu. Akanitazama kwa namna ambayo sikurudia. Alipomaliza, maua meupe yalikuwa yamezunguka madirisha kana kwamba yalipangwa hivyo tangu mwanzo, na hewa ya moto ikatoka ikapeperusha uzi uliokuwa kwenye vidole vyake. Akafurahi na ule uzi. Aliushika pale mara kadhaa kuona ukicheza.

Jumamosi, wa mjini walifika mapema na pikapu yao, wakakaa dirishani. Wa kambini wakafika na jasho, wakakaa ukutani bila neno. Nikatangaza kwamba nusu ya kwanza ikiisha wanabadilishana viti, na mtu asiniletee ubishi. Mama aliketi nyuma, safari hii na kikapu cha vitumbua.

Nusu ya kwanza ilikwenda raundi kumi na tano. Sijui niielezeje. Kwa mwaka mzima sikuwa nimeona mtu wa ukutani akigeuka na kumkuta adui bado yupo. Sasa waligeuka, wakakuta, wakapiga. Kapteni wa kambini hakuwa tena kijana wa kutazama chini. Aliwapanga wenzake kwa maneno mafupi ya Kirundi, wawili huku, watatu kule, na nusu ikaisha ukuta unaongoza nane kwa saba. Kapteni wa mjini alisimama, akaenda ukutani kuangalia kama nimeficha kadi mpya ndani. Hakukuta kitu ila madirisha yaliyotariziwa.

Wakabadilishana viti. Sasa wa mjini wakakaa ukutani, na wa kambini wakapata dirisha, zile kompyuta nzuri walizozitamani mwaka mzima. Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikajikumbusha kwamba mimi ni mwamuzi.

Lakini wale vijana wa mjini walikuwa wanajua kucheza. Hicho ndicho ambacho hakuna aliyekuwa ametambua, hata wao. Hawakuwa na kisingizio, nao wakacheza kwa akili. Wakasawazisha, wakapitwa, wakasawazisha tena. Tukafika raundi ya mwisho wa mjini wakiwa kumi na tano, wa kambini kumi na nne. Kambi ikishinda hiyo, sare.

Wakabaki makapteni wawili, mmoja kila upande. Wa kambini alikuwa ametega bomu na anapalinda. Palikuwa na mlango mwembamba, mmoja tu. Wa mjini, kutoka ukutani, akarusha moshi mlangoni. Nilitazama namba kwenye skrini yake kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Ilishuka hadi arobaini na nne, ikasimama hapo. Zamani angeganda katikati ya moshi ule. Sasa alipita ndani yake mwendo mmoja, laini, akatokea upande ambao hakutegemewa, akapiga. Kapteni wa kambini akaanguka. Bomu likateguliwa.

Kapteni wa kambini aliondoa mikono kwenye kibodi polepole. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha tumboni, hadi machozi yakamtoka.

Mama yake akasimama na kikapu. "Mmeshinda?"

"Hapana mama. Tumeshindwa."

"Sasa unacheka nini?"

"Tumeshindwa sisi," akasema. "Mama, tumeshindwa sisi wenyewe. Mashine nilikuwa nayo nzuri. Yeye alikuwa na ile mbovu, na amenipiga. Sisi ni wazuri, lakini wao wamezidi kidogo. Kidogo tu."

Kapteni wa mjini alikuwa amesimama karibu, hajui aweke wapi mikono yake. Ushindi ule ulikuwa umemlegeza kuliko vichapo vyote. "Ni kidogo kweli," akasema. "Na nusu ya kwanza mlitupiga mkiwa ukutani. Siku ile nilisema neno la mbaazi. Nalirudisha."

"Libaki," akasema mwenzake, bado anajifuta macho. "Leo nimeona jua halina kosa."

Mama akagawa vitumbua, akaanza na wa mjini kwa sababu ni wageni. Alisema hivyo, yeye mkimbizi, ukumbini kwetu. Nikatoka nje kidogo nikajifanya naangalia jenereta. Nililia, na sioni aibu kusema.

Jumatatu nilikwenda kando ya barabara malori yalipopita kuelekea Kabanga. Sikuwaona, malori yalikuwa mengi na turubai zilikuwa zimeshushwa. Niliyapungia yote mkono.

Ukumbini palizuka desturi ambayo sikuitunga mimi. Mtu akishindwa Jumamosi, kabla ya kufungua mdomo, anapeleka mkono kwenye dirisha la nguo. Akikuta hewa inatoka sawasawa, anasema mbele ya wote, "Nimeshindwa mimi," kisha anampisha mwingine. Kapteni wa mjini ndiye aliyeianza. Waliokuja baadaye, wasiojua habari ya lori wala ya vitumbua, waliifuata wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Baada ya muda kondakta wa basi la mpakani aliniletea salamu. Kijana wa Kirundi alikuwa amemsimamisha upande wa pili, akamwuliza kama anaijua parokia yetu. Alisema amepata chumba chenye kompyuta kuukuu mjini kwao na anafundisha wenzake, na kwamba mama yake hajambo, anashona. Nikamwuliza kondakta kama kuna lingine.

"Alisema nikuambie ameshindwa tena," akasema, "lakini safari hii amepeleka mkono kwanza."